Uzito wa Kidahizo na Uwezo wa Mwandishi: Ugawaji Sawia wa Kazi katika Jopo la Kamusi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Jopo la kamusi linapoanza kazi, swali la kwanza la kiutendaji ni nani aandike nini. Jibu lililozoeleka ni kugawana alfabeti: huyu achukue M, yule achukue P, mwingine T. Pale ambapo herufi moja inaonekana kuwa kubwa kupita kiasi, hukatwa vipande ili kila mwandishi apate idadi sawa ya vidahizo. Utaratibu huu una sifa ya kueleweka upesi na una sura ya haki, kwa kuwa kila mmoja anaondoka na orodha yenye urefu uleule. Hata hivyo, baada ya miezi michache mwandishi mmoja huwa amemaliza na mwingine yuko katikati, na mara nyingi jopo huhitimisha kwamba yule wa pili ni mzembe.

Makala haya yanafafanua namna ya kugawa kazi hiyo kwa vipimo viwili vinavyokadiriwa kila kimoja peke yake: uzito wa kidahizo, yaani juhudi inayohitajika kukiandika, na uwezo wa mwandishi, yaani kazi anayoweza kuifanya katika muda uliopangwa. Hoja inayotetewa ni kwamba faida kubwa ya kutenganisha vipimo hivi haiko katika ugawaji wa siku ya kwanza, kwani makadirio ya siku ya kwanza hukosea karibu kila mara. Faida iko katika kwamba kosa linapojitokeza, jopo linaweza kujua limetoka upande gani. Takwimu za jopo la waandishi wanne zinazotumika hapa zimetungwa kwa ajili ya kielelezo.

2. Kwa Nini Herufi si Kipimo cha Kazi

Katika kamusi za Kiswahili zilizofuata mkondo wa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* (1981), nomino huingizwa katika umbo lake la umoja pamoja na kiambishi ngeli, ilhali kitenzi huingizwa kwa mzizi wake na kiishio. Uamuzi huu wa kimpangilio una athari kubwa kwa mgawanyo wa kazi. Herufi M inakusanya majina ya watu watendao (*mkulima*, *msomaji*, *mvuvi*) pamoja na majina ya miti (*mchungwa*, *mparachichi*, *mwembe*). Vidahizo vyake ni vingi, lakini sehemu kubwa ina maana moja, ngeli inayotabirika na fasili inayofuata kiolezo kilekile. Vitenzi vinavyoanza kwa M, kama *meza* na *mwaga*, ni vichache. Herufi P na T, kwa upande wake, zimebeba vitenzi ambavyo Kiswahili kinavitegemea kila siku: *piga*, *pata*, *pita*, *panda*, *toa*, *tia*, *toka*, *taka*.

Tofauti kati ya *mparachichi* na *piga* haiwezi kuonekana katika hesabu ya vidahizo, kwani kila kimoja huhesabiwa kuwa kimoja. Mwandishi wa *mparachichi* anahitaji ngeli, fasili ya mstari mmoja au miwili na pengine jina la kisayansi. Mwandishi wa *piga* anapaswa kwanza kuamua mipaka ya maana, kisha aamue kama *piga simu*, *piga pasi*, *piga picha*, *piga deki*, *piga kura* na *piga chafya* ni maana za kitenzi au ni misemo inayostahili nafasi yake, halafu ashughulikie vinyambuo *pigwa*, *pigia*, *pigana* na *pigisha*, ambavyo baadhi vimejitenga kimaana na mzizi wao. Maneno mafupi ya kisarufi kama *na*, *ni* na *kwa* ni mazito zaidi, kwa sababu fasili ya kawaida haiyafai na kila tumizi linadai mfano wake.

Wanaleksikografia wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike aliigawa alfabeti ya Kiingereza katika vitalu 105 vinavyokaribiana kwa ukubwa, ili maendeleo ya kamusi yapimwe kwa kitalu badala ya herufi. Baadaye D. J. Prinsloo na Gilles-Maurice de Schryver walitengeneza rula za kileksikografia kwa lugha za Kiafrika, zinazoonyesha ni sehemu gani ya kamusi inayotarajiwa kuchukuliwa na kila herufi. Rula hizo zinatatua nusu ya tatizo. Zinasema herufi ni kubwa kiasi gani, lakini hazisemi chochote kuhusu atakayeiandika.

Suala hili linagusa malipo pia. Pale ambapo wanafunzi wa uzamili na wasaidizi hulipwa kwa idadi ya vidahizo, aliyepewa P hupokea kiasi kilekile alichopokea mwenzake wa M kwa kazi inayokaribia kuwa mara mbili.

3. Kukadiria Uzito wa Kidahizo

Uzito hauhitaji kupimwa kwa usahihi wa mizani. Kinachotakiwa ni madaraja machache ambayo waandishi wote wanaweza kuyatambua bila mabishano marefu. Kwa kielelezo hiki yanatumika madaraja manne, na kizio cha uzito ni kazi ya kuandika nomino ya maana moja. *Mparachichi* ina kizio 1. Kidahizo cha kati, kama *kifaru* chenye maana ya mnyama na ya gari la vita, kina vizio 2. Kidahizo kizito, ambacho aghalabu ni kitenzi chenye maana kadhaa na vinyambuo hai, kama *lima* au *panda*, kina vizio 4. Vidahizo vizito mno, kama *piga*, *toa* na *na*, vinakadiriwa kwa vizio 24 kila kimoja.

Namba hizi hupatikana kwa sampuli. Kabla ya ugawaji, kila mwandishi anaandika vidahizo vilevile 24 vilivyochaguliwa kutoka katika madaraja yote, na anarekodi dakika alizotumia tangu alipofungua mistari ya kongoo mpaka alipokabidhi kitomeo. Kisha muda wa kila kidahizo unagawanywa kwa muda ambao mwandishi huyohuyo aliutumia kwa kidahizo chepesi. Hatua hii ndogo ni ya lazima. Mwandishi mwepesi na mwandishi mzito wa mkono wanaweza kutofautiana sana katika dakika, lakini wote wawili huona kwamba *lima* imewachukua takriban mara nne ya *mparachichi*. Kwa kugawanya hivyo, kasi ya mtu inaondolewa ndani ya uzito wa neno na kubaki mahali pake, ambapo itahesabiwa baadaye. Katika kila daraja ichukuliwe thamani inayoangukia katikati baada ya kupanga uwiano wote kwa ukubwa, badala ya wastani, kwani simu moja iliyopokelewa katikati ya kazi inatosha kuupotosha wastani wa sampuli ndogo.

Kwa kuwa haiwezekani kuandika kila kidahizo ili kukijua uzito, orodha nzima inawekwa katika madaraja kwa kutumia dalili: kategoria ya neno, idadi ya maana katika kamusi iliyotangulia, na wingi wa matokeo katika kongoo kama ile ya Kiswahili ya Helsinki. Dalili ya tatu itumiwe kwa tahadhari. Neno *shilingi* hutokea mara nyingi sana katika matini za magazeti, lakini ni jepesi kuandika. Kinachoashiria uzito ni wingi wa mazingira tofauti ya neno, na hayo hutambuliwa kwa kusoma mistari thelathini au arobaini iliyochukuliwa bila mpangilio. Ni vyema watu watatu wayapange madaraja ya sehemu ya orodha kila mmoja peke yake kabla ya kulinganisha. Wakikaa pamoja tangu mwanzo, wadogo huwafuata wakubwa, na makadirio ya watu watatu huwa makadirio ya profesa mmoja.

Tuchukue sasa orodha ya vidahizo 1,200 iliyogawanywa kwa desturi katika mafungu manne ya vidahizo 300. Fungu la M lina vidahizo 220 vyepesi, 70 vya kati na 10 vizito, jumla ya vizio 400. Fungu la N, lenye *na* na *ni*, lina vizio 520. Fungu la P lina vidahizo 110 vyepesi, 100 vya kati, 85 vizito na 5 vizito mno, jumla ya vizio 770. Fungu la T lina vizio 700. Kazi yote ina vizio 2,390, na mafungu yaliyo sawa kwa idadi yanatofautiana kwa uzito hadi karibu mara mbili.

4. Kukadiria Uwezo wa Mwandishi

Uwezo huanza na saa, na saa zinazostahili kuhesabiwa ni zile zinazobaki kwa kuandika. Njia nzuri ya kuzipata inaweza kuazimwa kutoka sekta ya afya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1998, na kuutolea mwongozo mpya mwaka 2010, mfumo wa kukadiria mahitaji ya watumishi kwa mzigo wa kazi, ambao umetumika katika nchi kadhaa zikiwemo Tanzania na Uganda. Mfumo huo unatofautisha aina tatu za kazi: huduma yenyewe inayohesabika, shughuli saidizi zinazofanywa na watumishi wote, na shughuli za ziada zinazofanywa na baadhi yao tu. Katika jopo la kamusi, huduma ni uandishi wa vitomeo. Shughuli za wote ni kikao cha jopo, kusomeana rasimu na kurekebisha hifadhidata. Na shughuli za baadhi ni kama uhariri mkuu au mawasiliano na mchapishaji.

Kundi la pili huhesabiwa kama sehemu ya asilimia ya muda, na hapo ndipo wengi hukosea. Iwapo shughuli za wote zinachukua asilimia 25 ya muda, mwandishi mwenye saa 400 kazini anabakiwa na saa 300 za kuandika. Anayetaka kurudi nyuma, kutoka saa 300 za uandishi kwenda kwenye muda wa kuajiri, anapaswa kugawanya kwa 0.75 na kupata 400. Akiongeza asilimia 25 juu ya 300 atapata 375, na saa 25 zitakuwa zimepotea kwenye karatasi kabla kazi haijaanza. Kundi la tatu huondolewa kwa saa halisi za mhusika, kwa sababu halimgusi mwingine.

Mradi wa kielelezo ni wa wiki 12 za saa 40, sawa na saa 480, na sikukuu za umma zinaondoa saa 32. Zinabaki 448. Mwandishi wa Kwanza ni mhadhiri aliyeazimwa kwa nusu ya muda wake: saa 224, ambazo zikiondolewa shughuli za wote huwa 168, na zikiondolewa saa 60 za uhariri mkuu hubaki 108. Mwandishi wa Pili ni wa muda wote na ana likizo ya siku sita: 400, kisha 300. Mwandishi wa Tatu ni mwanafunzi wa uzamivu anayefanya kazi robo tatu ya muda: 336, kisha 252. Mwandishi wa Nne ni mgeni katika kazi, na wiki zake mbili za kwanza ni za mafunzo: 368, kisha 276.

Mhadhiri ndiye anayestahili kuangaliwa kwa makini. Katika orodha ya majina ya jopo yeye huhesabiwa mtu mzima, na kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu, hupewa fungu kama la wengine au kubwa zaidi. Saa zake za kuandika, hata hivyo, ni kidogo kuliko nusu ya saa za mgeni.

Baada ya saa huja kasi. Sampuli ileile ya vidahizo 24 inaonyesha kila mmoja huandika vizio vingapi kwa saa: wa Kwanza 3.5, wa Pili na wa Tatu 3, wa Nne 2. Saa zikizidishwa kwa kasi, uwezo unaelezeka kwa vizio, na unaweza kulinganishwa moja kwa moja na kazi.

Jedwali la 1: Uwezo wa waandishi na mzigo wa ugawaji kwa herufi

| Mwandishi | Saa za kuandika | Vizio kwa saa | Uwezo (vizio) | Fungu | Mzigo (vizio) | Mzigo kwa uwezo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Wa Kwanza | 108 | 3.5 | 378 | M | 400 | 106% |
| Wa Pili | 300 | 3 | 900 | N | 520 | 58% |
| Wa Tatu | 252 | 3 | 756 | P | 770 | 102% |
| Wa Nne | 276 | 2 | 552 | T | 700 | 127% |
| Jumla | 936 | | 2,586 | | 2,390 | 92% |

Jedwali linaonyesha jambo ambalo kipimo kimoja kisingelifichua. Fungu zito kuliko yote ni P, lakini anayeelemewa zaidi ni mwenye T. Fungu jepesi kuliko yote ni M, lakini mwenye M naye amezidiwa. Mwandishi wa Nne anahitaji saa 350 ilhali anazo 276. Saa 74 zinazopungua ni sawa na wiki mbili na nusu za uandishi wake, na kwa kuwa yeye ndiye mgeni, kuchelewa kwake kutaelezwa kwa ugeni. Wakati huohuo Mwandishi wa Pili ana saa 127 ambazo hazijapangiwa kazi.

Kuna pingamizi dhidi ya kuhesabu kasi, nalo ni la haki: anayejua kazi anaadhibiwa kwa kuongezewa. Pingamizi hili lina nguvu pale tu ambapo malipo hayafuati kazi. Ugawaji unaoelezwa hapa unalenga kila mtu atumie sehemu ileile ya saa alizonazo, na kasi inatumika kutafsiri saa kuwa vizio pekee. Kama malipo ni kwa saa, hakuna anayedhulumiwa. Kama ni kwa kazi, yalipwe kwa vizio badala ya vidahizo, ili mwepesi avune wepesi wake. Jambo lisilofaa ni kuitumia kasi iliyorekodiwa kumpima mtu kwa ajili ya kupandishwa cheo. Waandishi wakilijua hilo, dakika zinazorekodiwa zitaacha kuwa za kweli ndani ya wiki moja.

5. Kugawa

Kazi yote ikiwa asilimia 92 ya uwezo wote, mzigo sawia ni ule unaompa kila mwandishi takriban asilimia 92 ya uwezo wake: vizio 349, 832, 699 na 510. Asilimia 8 inayobaki ni nafasi ya magonjwa, umeme kukatika na makadirio kukosea, na kwa mradi wa aina hii ni ndogo kuliko inavyopendeza.

Namna ya kuyafikia malengo hayo ni kuanza na vizito. Mwanahisabati Ronald Graham alithibitisha mwaka 1969 kwamba, kwa watendaji wenye kasi sawa, ukipanga kazi kutoka ndefu hadi fupi na kila moja ukampa mwenye mzigo mdogo kwa wakati huo, muda wa kumaliza hautauzidi ule bora kabisa kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa vitendo tofauti huwa ndogo zaidi. Kwa watendaji wenye uwezo tofauti, wazo lilelile hufanya kazi ikiwa mzigo utasomwa kama asilimia ya uwezo. Sababu yake ni rahisi. Mwenye kupakia gari hutanguliza magunia makubwa, na vifurushi vidogo huziba nafasi zinazobaki. Akianza na vidogo, gunia la mwisho halina pa kukaa.

Vidahizo 11 vizito mno vya orodha hii vina vizio 264. Hapa uwezo wa saa peke yake hautoshi kuamua, kwani *na* haipewi mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza. Wa Kwanza anachukua vitatu (vizio 72), wa Pili vinne na wa Tatu vinne (vizio 96 kila mmoja). Wanabakiwa na nafasi ya vizio 277, 736 na 603, na wa Nne ana 510 zake zote. Vidahizo 189 vizito hufuata, kisha vya kati 370, na vyepesi 630 vinawekwa mwisho kama kokoto za kuzibia. Wa Nne anaweza kupewa, kwa mfano, vizito 40, vya kati 100 na vyepesi 150, yaani vizio 510 kamili. Kumpa vyepesi vitupu kungeleta ulinganifu wa hesabu, lakini angemaliza mradi bila kujua kuandika kitenzi.

Kanuni hii inakutana na kizuizi cha kileksikografia ambacho hakipaswi kupuuzwa. Vitomeo havisimami kimoja kimoja. Majina ya siku, rangi na jamaa yanahitaji fasili za muundo mmoja, na anayeandika *shangazi* akitofautiana na anayeandika *mjomba*, msomaji ataona mshono. Vilevile *piga*, *pigo*, *kipigo*, *mpigo* na *upigaji* zimetawanyika katika herufi nne, lakini mgawanyo wa maana za kitenzi ndio unaoongoza fasili za nomino zake. Kwa hiyo kinachogawiwa kiwe ni familia nzima, na uzito wake uwe jumla ya wanafamilia. Gharama yake ni kwamba vipande vinakuwa vikubwa na ulinganifu unakuwa wa kukaribia tu. Tofauti ya asilimia tatu au nne kati ya waandishi ni bei ndogo kwa kamusi isiyojipinga yenyewe, na anayeivunja familia ya *piga* ili apate asilimia sawasawa amesahau kazi ni ya nini.

6. Makadirio Yanapokosea

Mfano mashuhuri wa makadirio ya kamusi yaliyoshindwa ni ule wa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford. James Murray alitia saini mkataba mwaka 1879 kwa kazi iliyotarajiwa kuchukua takriban miaka kumi; baada ya miaka mitano kitabu cha kwanza kilichochapishwa kiliishia katika neno *ant*, Murray akafariki mwaka 1915, na kazi ikakamilika mwaka 1928. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuita mwelekeo huu, mwaka 1979, udanganyifu wa upangaji: mtu hukadiria kwa kuitazama kazi iliyo mbele yake bila kuuliza kazi za aina hiyo zilichukua muda gani. Kwa sababu hiyo swali la jopo lisiwe kama makadirio yatakosea, bali yatagundulika lini.

Kipimo kibaya huchelewesha ugunduzi. Waandishi wengi, wakiachiwa, huanza na vidahizo vyepesi. Mwandishi wa Nne akimaliza vyepesi vyake 150 kati ya vidahizo 290, taarifa ya kila mwezi itasema amefikia asilimia 52 na ofisi itaridhika. Kwa vizio amefikia 150 kati ya 510, sawa na asilimia 29. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo litakaloonekana katika wiki ya kumi kama kuchelewa kusikoelezeka. Maendeleo yaripotiwe kwa vizio, na kila wiki mwandishi achanganye madaraja yote.

Katika wiki ya tatu jopo lilinganishe saa zilizotumika na saa zilizokadiriwa, kwa daraja na kwa mtu. Hapo ndipo utenganisho wa vipimo unapolipa. Ikiwa waandishi wote wamechelewa katika daraja moja, kosa liko katika uzito wa daraja hilo. Ikiwa mwandishi mmoja amechelewa katika madaraja yote, kosa liko katika uwezo wake: ama kasi ilikadiriwa juu, ama saa zake zinaliwa na shughuli ambazo hazikuorodheshwa. Maswali mawili yanatofautisha sababu hizo za mwisho. Akiwa anaandika kwa kasi iliyokadiriwa lakini saa zilizorekodiwa ni chache, kuna mtu anayempa kazi nyingine. Saa zikiwa kamili na vizio vichache, kasi irekebishwe. Ikiwa mwandishi mmoja amechelewa katika daraja moja tu, yamkini hajafundishwa aina hiyo ya kitomeo, na mchana mmoja pamoja na mzoefu utasaidia kuliko kumpunguzia mzigo. Kungoja jibu la mtaalamu wa istilahi kusihesabiwe kuwa uzito. Kungoja hurefusha kalenda bila kutumia saa za mwandishi, na huhitaji kuanza mapema badala ya kugawa upya.

Wapo pia wanaoficha kuchelewa kwa kupunguza ubora, na hao hawataonekana katika saa. Dalili zao ziko katika matini: mifano ya matumizi inayopungua kadiri alfabeti inavyosonga, fasili za visawe vinavyozungukana, ambapo neno la kwanza linafasiliwa kwa la pili na la pili kwa la kwanza, na vitenzi vinavyoishia na maana mbili ilhali kongoo inaonyesha tano. Mhariri mkuu akisoma vitomeo vitano vizito vya kila mwandishi kila wiki ataziona mapema.

Tuseme ulinganisho wa wiki ya tatu katika mradi wa kielelezo umeonyesha kwamba waandishi wote wanne wanatumia kwa vidahizo vizito mara 5.5 ya muda wa chepesi, badala ya mara 4, huku madaraja mengine yakiwa sahihi. Kila kimoja cha vidahizo 189 kinaongezewa kizio 1.5, na kazi yote inapanda kutoka vizio 2,390 hadi takriban 2,674. Uwezo haujabadilika: 2,586. Mzigo sasa ni asilimia 103, na hakuna ugawaji wowote, hata ulio sawia kabisa, unaoweza kuufanya utoshe. Kuwahamishia wengine vidahizo vya aliyechelewa zaidi, ambako ndiko kunakofanywa kwa kawaida, kungehamisha upungufu kutoka mikononi mwa mmoja hadi mwa mwingine.

Jopo linabakiwa na njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuongeza muda: kurudi katika asilimia 92 kunahitaji uwezo wa vizio 307 zaidi, na kwa kuwa waandishi wanne kwa pamoja hutoa wastani wa vizio 215 kwa wiki, ombi linalopelekwa kwa mfadhili ni la wiki moja na nusu. Ya pili ni kuupunguza uzito wenyewe kwa uamuzi wa kihariri, kwa mfano kuorodhesha vinyambuo bila kuvitolea mifano pale ambapo maana yake haijajitenga na mzizi. Uamuzi huo ukipita, sampuli ya vitenzi sita iandikwe kwa muundo mpya kabla ya uzito wa 5.5 kushushwa, na vitenzi vilivyokwisha kuandikwa katika wiki tatu za mwanzo viingizwe katika ratiba ya marekebisho kwa uzito wao, kwani kuvirudia nako ni kazi.